Mlango wa Koma na Herufi Yake ya Kwanza

Wifi yangu akitaka kitu, ombeni Mungu kisiwe chenu. Na kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja alitaka kitu kimoja tu: mlango. Si gauni, si gari, si safari. Mlango wa kufunga, yeye awe ndani na sisi sote tuwe nje.

Alikuwa karani wa barua katika kiwanda cha mifagio na mabrashi, na mimi nilikuwa wa simu. Angalau mimi nilikuwa na kijichumba changu cha kioo. Meza ya wifi ilikuwa koridoni, kati ya ngazi na vyoo, na kila aliyepanda ngazi alimkuta yeye kwanza. Basi maswali yakawa riziki yake ya kila siku. "Dada, choo kiko wapi?" "Mama, mshahara umetoka?" "Shangazi, hivi leo bosi ameamkaje?" Anaandika nusu ya sentensi, anajibu swali, akirudi sentensi imeshamtoroka. Alikuwa anasaga meno mpaka mimi nayasikia kwenye kioo changu.

Jina la Koma nilimpa mimi. Kaka yangu alipokuwa anamposa alimwandikia barua ya mapenzi, akaitia manukato, akaituma. Ikarudi imesahihishwa kwa wino mwekundu. Koma kila mahali, nyingine zimezungushiwa duara. Chini kabisa ameandika: "Nimekubali. Rudia aya ya pili." Kaka alikuja kwangu na karatasi mkononi, hajui acheke au alie. Nikamwambia, "Oa, ndugu yangu. Huyo hatakuacha ukosee." Kweli hajamwacha, mpaka orodha ya sokoni anamrudishia.

Sasa, huyu Koma alijifunza uandishi wa barua za biashara kwa mama mmoja mkali ambaye aliamini kuna Kiingereza kimoja tu duniani, cha Uingereza, na vingine vyote ni utovu wa adabu. Koma akayameza yote kama yalivyo. Halafu wakatuletea Meneja, kijana amesoma Amerika, suti imekaa, viatu vinalia. Si mtu mbaya, hata kidogo. Ila mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa waliwekwa kwenye korido moja.

Ugomvi wao ulianza kwenye barua ya kwanza kabisa. Meneja kaandika "Thank you for your inquiry," yaani asante kwa kutuuliza. Koma akaipeleka mezani kwake, ameishika kwa vidole viwili tu.

"Bosi, samahani. Huyu mteja ni Mwingereza. Ametuuliza bei ya mifagio. Kwa Mwingereza kuulizia bei ni enquiry, kwa E. Ile ya I ni ya uchunguzi, watu wamekaa meza ndefu wanakuhoji umekula nini cha watu."

"Dada yangu," Meneja akasema, "hiyo ni herufi moja. Huko nilikosoma ni I kwa yote. Na kamusi inazo zote mbili, nenda kaangalie."

"Kamusi ina matusi pia, bosi. Tuyaweke kwenye barua?"

Barua ikaondoka na E yake. Mimi nilikuwa nimeinamia simu, nacheka mpaka machozi. Na ukweli lazima usemwe: Meneja hakukosea sana. Waingereza wenyewe wengine wanazichanganya hizo mbili na jua linazama salama. Lakini Koma hakufundishwa mambo ya "wengine wanachanganya." Alifundishwa E kwa kuuliza, I kwa kuchunguza, na hundi ya benki ni cheque, yenye Q yake katikati na mkia wake nyuma, si check. Check kwa Mwingereza ni kukagua, basi. Amerika ndiko check moja inabeba mizigo yote miwili.

"Mbona sisi tunasema cheki tu?" nilimwuliza siku moja. "Cheki ya benki, cheki. Cheki yule anavyotembea, cheki. Na hatujafa."

"Wifi," akanijibu, "wewe pokea simu."

Basi mhasibu wetu mkuu akastaafu, na chumba chake cha mwisho wa korido kikabaki kitupu. Chumba kidogo, dirisha moja, lakini mlango! Mbao nzito, kitasa cha shaba, ukiufunga unasema "tup" na dunia inabaki nje. Koma akaanza kupita pale bila sababu. Nilimwona akikishika kitasa kwa kiganja kizima, amefumba macho. Nikamwonea huruma, nasema kweli. Shida ni kwamba Meneja alishapanga kukifanya stoo ya sampuli za mifagio. Yaani mifagio ikae chumbani na wifi yangu akae chooni.

Hapo ndipo yule Mwingereza aliyeulizia bei alipotuvuruga.

Alikuwa mwenye duka la vyombo vya nyumbani huko kwao, mzee mchangamfu, sauti nzito, na alitaka oda kubwa. Meneja akamwandikia mwenyewe, bila kupitia kwa Koma, kwamba mzigo utapakiwa baada ya "your check." Alimaanisha hundi, atume hela kwanza. Jibu likaja: asanteni sana, check hatuihitaji, tunawaamini, pakieni tu.

Meneja akawaka. "Hawataki kulipa! Wanasema hawahitaji kulipa! Watu gani hawa?" Akapiga meza, akapiga ukuta, akaniambia nimpigie Mwingereza sasa hivi. Nikaunganisha. Nikasahau kidogo kuondoa kipokeo sikioni mwangu, bahati mbaya tu.

"Bwana," Meneja akasema kwa Kiingereza chake kizuri, "sisi bila check hatupakii."

"Lakini rafiki yangu," Mwingereza akasema, "kumtuma mtu akague mabrashi, wa nini? Brashi ni brashi."

Nikasikia Meneja anaifunua tena ile barua. Halafu Mwingereza akaangua kicheko. "Aaa! Mlimaanisha cheque! Hela! Hela nitatuma kesho, mbona hamkusema?"

Meneja alitoka ofisini mwake akiwa mpole kama aliyetoka kunyolewa. Akaenda mpaka kwenye meza ya koridoni, akajikohoza. Koma alikuwa ameshapata habari zote, na mimi nani alimpa sijui.

"Dada," akasema, "nimefikiria. Kila karatasi inayokwenda kwa huyu mteja iende kwa Kiingereza cha kwao. Barua, lebo, karatasi za maelekezo, ile ripoti ya dumuzi, kila kitu. Mzigo unaondoka Ijumaa. Akiridhika, kile chumba cha mwisho ni chako."

"Asiporidhika?"

"Inaingia mifagio."

Ripoti ya dumuzi ni hivi: mwaka ule dumuzi, wadudu wa kula mbao, walitoboa mipini ya stoo nzima, ikaundwa kamati ya uchunguzi, watu wakahojiwa mmoja mmoja kwenye meza ndefu, na wengine walitoka jasho mpaka soksi. Mwingereza aliomba ripoti ile ili ajue dumuzi wamekwisha. Ndiyo I ya kweli ile.

Koma akakaa kwenye kompyuta akiwa na furaha ya bibi harusi. Kompyuta alikuwa ameletewa karibuni, na alikuwa amegundua uchawi mmoja humo: unaiambia neno hili liwe lile, unabonyeza, na linabadilika kila mahali kwa mpigo. Aliniita nione. "Wifi, tazama. Check yote iwe cheque. Inquiry yote iwe enquiry. Inshallah kabla ya chai nimemaliza!" Akabonyeza, karatasi baada ya karatasi. Mimi nikampigia makofi. Nilijuaje?

Angepaswa kusoma tena, na kweli alianza kusoma. Akasoma mstari wa kwanza, akaja fundi wa gundi: "Mama, choo cha wanaume ni kile kile?" Akarudi mstari wa kwanza, akaja dereva: "Dada, umeziona funguo zangu?" Akarudi. Akaja mlinzi kuuliza kama ni kweli Meneja anahamishwa. Mara ya mwisho alipiga meza kwa viganja viwili, akasema, "Ndiyo maana nataka mlango!" Akazichapa zote kama zilivyo, akazifungia kwenye maboksi na mzigo ukaondoka. Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa hilo utotoni, tukaligeuza wimbo tu.

Niliiona mimi kwanza. Karatasi moja ya maelekezo ilibaki kwenye mashine, nikaiokota nifutie meza. Ikaniambia kwa herufi nzito: "Please cheque your brush before use."

Nikaisoma tena. Tafadhali andikia brashi yako hundi kabla ya kuitumia. Chini yake: "Every bristle has been chequeed." Kila unywele wa brashi umeandikiwa hundi, tena kwa E mbili. Na kichwa cha ukurasa wa nyuma, badala ya orodha ya ukaguzi, orodha ya hundi: "Chequelist."

"Wifi," nikaita, "njoo. Kaa kwanza."

Aliisoma akiwa amesimama. Rangi ikamtoka usoni. "Yule mwalimu wangu," akanong'ona, "Mungu ampumzishe, leo kageuka kaburini." Halafu akakumbuka ripoti ya dumuzi, ambamo I ya kweli nayo imegeuzwa E, akaketi chini kwenye sakafu ya korido, miguu ameinyoosha. Mtu akapanda ngazi, akamtazama, akauliza, "Shangazi, choo kina maji?" Nilimjibu mimi kwa lugha ambayo sitairudia hapa.

Hapo ndipo nilipoona jinsi alivyoutaka ule mlango. Alilia kweli, machozi ya mtu mzima, ananiambia, "Wifi, nilikuwa nimeshanunua pazia." Nilitaka kumtania, nikampa leso yangu badala yake. Nyumbani kaka yangu akampikia, na hata chumvi ilipozidi Koma hakumsahihisha. Kaka akanipigia simu kwa hofu: "Mke wangu anaumwa nini?"

Simu ya Mwingereza ilikuja mzigo ulipofika. Nikaiunganisha kwa Meneja, na kipokeo, unajua tena, kikabaki sikioni.

"Rafiki yangu," Mwingereza alianza, anahema kwa kicheko, "hii karatasi kaandika nani?"

Nikajua Meneja sasa anamtaja Koma, sasa mifagio inaingia. "Tumeiandika sisi," akasema. Siku ile nilimpenda yule kijana.

"Mabrashi yangu yote niyaandikie hundi? Na hii ripoti! Mmefanya enquiry kuhusu dumuzi. Sisi kwa kawaida tungesema inquiry, maana ni uchunguzi rasmi. Hii yenu inasikika kama mmewauliza tu. Dumuzi walijibuje?"

"Tutachapa upya, bwana. Tunaomba radhi sana."

"Usithubutu!" Mwingereza akapiga kelele mpaka nikakisogeza kipokeo. "Nimeibandika dirishani kwangu. Watu wanasimama, wanasoma, wanacheka, wanaingia, wananunua. Kuna bibi mmoja kaleta hundi ameiandikia brashi yake, nimeitundika kaunta. Nitumieni mzigo mwingine, na karatasi iwe hiyo hiyo, msiguse hata E moja. Halafu mwambieni aliyeandika ile barua ya kwanza, ya 'Thank you for your enquiry,' kwamba shangazi yangu mwenyewe asingeandika vizuri zaidi."

Niliangusha kipokeo nikakimbia koridoni nimesahau kiatu kimoja. "Karidhika! Karidhika kichaa yule!" Koma akanikumbatia, tukazunguka pale mbele ya vyoo, na waliokuwa wanasubiri zamu wakatupigia vigelegele bila kujua habari yenyewe.

Meneja alitimiza neno lake, tena akazidisha. Kwanza alituita sote kwenye ukumbi wa kupakia akatufundisha, ametoka jasho la wokovu kama mlokole mpya: "Enquiry ni kuuliza tu. Inquiry ni uchunguzi, kama ule wa dumuzi. Mnaukumbuka?" Wote wakaitikia kwa sauti ndogo kwamba wanaukumbuka. "Cheque ni hela. Check ni kukagua. Tumeelewana?" Tumeelewana.

Halafu akamwita fundi rangi kwa siri. Alitaka kumpa Koma heshima, neno lile alilolipigania, mlangoni, kwa rangi ya dhahabu. Asubuhi ile tulimfunga Koma macho kwa kitambaa, tukamwongoza mpaka mwisho wa korido, tukamfungua. Mlango ule, umepigwa vanishi, na juu yake herufi zinang'aa: ENQUIRIES.

"Kwa E," Meneja akasema, anatabasamu mpaka sikioni.

"Kwa E," Koma akasema. Akaingia. Mlango ukasema "tup."

Nyinyi mmeshakisia kilichofuata. Sisi wakati ule hatukukiwaza.

Kabla hajatundika hata pazia, mlango uligongwa. "Hapa ndipo pa maulizo? Aa, vizuri wameweka ofisi kabisa! Mama, choo kiko wapi?" Akatoka huyo, akaja mwingine. Zamani walimwuliza waliopita tu. Sasa walikuja makusudi kutoka gundi, kutoka mipini, kutoka nje ya geti. Mama mmoja alitoka barabarani kuuliza kama binti yake aolewe mwaka huu au asubiri. Wakapanga foleni. Wakaomba benchi.

Kufika mwisho wa wiki nilimkuta Koma amepiga magoti mbele ya mlango wake, ameshika kichupa cha rangi ya kucha na kiwembe, anakwangua.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nasahihisha," akasema.

Akaikwangua E, akaichora I pale pale, nyekundu, imesimama wima. INQUIRIES. Akaingia, akafunga.

Wallahi, kiwanda kilinyamaza. Somo la Meneja lilikuwa limewaingia sawasawa. Aliyepanda ngazi aliiona ile I, akakumbuka meza ndefu na dumuzi, akapita kwa ncha za vidole akiwa ameinamisha kichwa. Kuna waliokwenda kujisaidia kwa jirani. Aliyethubutu kugonga alikuwa mlinzi peke yake. Alisimama mbele ya Koma, kofia mkononi, akasema, "Mama, bora niseme mwenyewe. Ule mfagio mwekundu niliuchukua mimi. Na ule wa kijani." Akafuata dereva, naye ana brashi mbili na mzigo wa moyoni. Fundi wa gundi alilia tu, hakusema amefanya nini. Koma aliwasamehe wote ili watoke.

Baada ya hapo hakuja mtu tena. Nilimtazama kwa mbali, nikasema moyoni, haya, umepata. Barua zake zilitoka safi, kila koma mahali pake. Ila chai akawa anakuja kunywea kwangu, kwenye kijichumba changu cha kioo, tumebanana kama nguo kabatini. Ananiuliza, "Mshahara umetoka? Yule dereva funguo alizipata? Kweli Meneja anahamishwa?" Maswali matupu! Nikamtazama, naye akatazama chini kwenye kikombe.

"Wifi," akasema taratibu, "huko ndani kimya kinapiga kelele. Nimekaa siku nzima, hata aliyeniuliza choo hakuna. Nimewakumbuka, mbwa hawa."

Nilidhani atarudisha E. Simjui wifi yangu! Jumatatu nilipofika nilisikia nyundo. Fundi seremala ameshaung'oa mlango kwenye bawaba zake, mbao nzito, kitasa cha shaba na vyote, na anaulaza juu ya miguu minne mipya. Ameufanya meza, kwa amri ya Koma. Na ile meza yake ya zamani imekwenda kubeba sampuli za mifagio.

Sasa pale mwisho wa korido kuna tundu wazi la ukubwa wa mlango, na pazia alilonunua limefungwa pembeni kwa kamba, halishuki. Koma anakaa ndani, kiwiko kimelala juu ya neno lile la dhahabu, kikombe cha chai kimesimama juu ya I. Kitasa anatundikia mkoba.

Siku ile ile nilisimama pale mlangoni pasipo na mlango, nikabadilisha sauti yangu ikawa ya mzee. "Samahani, binti. Choo kiko wapi?"

Hakuinua kichwa. Kalamu nyekundu iliendelea kutembea kwenye karatasi ya Meneja, lakini nilimwona anavyouma midomo asicheke.

"Kushoto," akasema. "Na ucheki kama kuna maji."